Cheti kikipotea Kasesya

Mama wa Kasesya anayetaka pasipoti akakuta cheti chake cha kuzaliwa kimepotea, kwanza aripoti polisi apewe taarifa ya upotevu, kisha aombe nakala RITA. Asikimbilie kusajiliwa upya, maana atakuwa na maingizo mawili, na tarehe zikipishana atapata shida kubwa zaidi. Kinachotafutwa ni namba ya ingizo. Kivuli cha cheti kilichobaki shuleni au kwa mwajiri kinayo. Nawasihi mkiulizie huko kwanza. Kumbukeni pia kwamba wilaya yetu ya Kalambo ilimegwa kutoka Sumbawanga 2012. Aliyesajiliwa kabla ya hapo ataje Sumbawanga, si Kalambo, la sivyo watapekua daftari lisilo lake.