Usiniletee Wastani
Makala niliandika mwenyewe hapa Nyeri. Mteja akayapitisha kwenye vigunduzi vitatu vya akili unde: 92, 41, 3. Akajumlisha, akagawanya kwa tatu, akaninyima pesa kwa sababu ya 45. Hesabu gani hiyo? Cha kwanza hukadiria uwezekano kwamba mashine imeandika. Cha pili huhesabu ni sentensi ngapi kinazishuku. Amejumlisha kilo na kilomita, jamani.

Na hata vikikubaliana? Vingi hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na Kiingereza chetu cha shuleni kinatabirika sana. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walijaribu vigunduzi saba kwa insha 91 za TOEFL, zote za watu. Kumi na nane zilishukiwa na vyote saba.

Rasimu zangu ninazo. Hajaziitisha.