Kistari Si Sufuri

Wasee, wacha niseme hii kitu vile iko. Mhadhiri akikalia asaimenti yako wiki 6 bila kuisahihisha, halafu mfumo ukuonyeshe sufuri, hiyo sufuri si yako. Ni yake.

Vyuo vingi hapa Kenya vinatumia Moodle kuweka alama. Kwa mipangilio yake kuna kisanduku kinaitwa "Exclude empty grades". Kikiwa na tiki, kazi haina alama inaachwa nje ya hesabu. Tiki ikitolewa, kila kazi tupu inahesabiwa ni kama ulipata sufuri. Wewe mwanafunzi hicho kisanduku hukioni. Unaona tu jumla yako, na pale alama haijawekwa unaona kistari.

Chukua yuniti ya kawaida. CAT 1 ina alama 10, asaimenti 10, CAT 2 pia 10, na mtihani wa mwisho 70. Umepata 7 kwa CAT 1. Asaimenti ulituma mapema lakini haijasahihishwa. CAT 2 na mtihani bado hamjafanya. Kazi tupu zikihesabiwa sufuri, uko na 7%. Zikiachwa nje, uko na 70%, na kwa vyuo vingi hiyo ni A. Mwanafunzi ni yule yule, siku ni ile ile, na hakuna kitu amefanya tofauti.

Sasa ukweli ni gani? Kihesabu zote ziko sawa, ni vile zinajibu maswali mawili tofauti. Ile 7% inasema umeshaweka mfukoni alama ngapi katika 100 za muhula mzima. Ile 70% inasema umefanya vipi kwa kile kimesahihishwa. Shida ni ukurasa kukurushia namba moja bila kukwambia ni swali gani limejibiwa.

Na hii si mchezo. Kabla niachane na chuo, niliona watu darasani wakikata tamaa na yuniti juu ya namba kama hiyo. Tumfanyie hesabu huyu wetu wa 7%. Kama kupita ni 40, anahitaji alama 33 zingine, na kuna 90 bado hazijaamuliwa. Hiyo ni kama 37% ya kile kimebaki. Mtu anahitaji 37% ndio apite, na ukurasa unamwambia ameanguka vibaya!

Najua wahadhiri watasema nini: ukiacha kazi tupu nje, wavivu watajificha hapo. Na hapo wako na pointi, sitakataa. Tuseme asaimenti imeshasahihishwa. Wewe ulituma ukapata 4, so uko na 11 kwa 20, yaani 55%. Jirani yako pia alipata 7 kwa CAT 1, lakini asaimenti hakutuma kabisa. Mhadhiri hakumwandikia chochote, amebaki na kistari, na mfumo unamwonyesha 70%. Yaani aliyelala anaonekana kukushinda wewe uliyekesha. Huo pia ni uongo, ni vile tu ni uongo mtamu. Atajua hajui siku matokeo yatatoka.

Lakini dawa ya huyo jirani si kuchapa darasa lote na sufuri. Dawa ni mhadhiri kuandika 0 kwa mkono pale siku ya mwisho imepita na mtu hakutuma. Moodle inajua tofauti ya 0 iliyoandikwa na nafasi tupu: ile 0 inaingia kwa hesabu hata kisanduku kikiwa na tiki. Jirani anashuka hadi 7 kwa 20, yaani 35%, na hapo hajaonewa.

Kipimo changu ni kimoja: hizo alama bado unaweza kuzipata? Asaimenti yako iko mezani kwa mhadhiri, so bado. CAT 2 haijafika, bado. Ya jirani imeenda na hairudi. Kabla asaimenti isahihishwe, wewe ulikuwa unaweza kumaliza popote kati ya 7 na 97. Yeye mwisho wake ni 87. Hapo ndio tofauti yenu ilikuwa, na hakuna asilimia moja ingewaonyesha.

Kwa hivyo wahadhiri, andikeni 0 kwa asiyetuma, wekeni tiki, na msahihishe kazi za watu kwa wakati. Na wewe, ukiona jumla inakushtua, usiiamini kwanza. Gawanya alama ulizopata kwa zile zimesahihishwa, halafu gawanya kwa 100. Jibu linalofanana na la ukurasa litakuonyesha unahesabiwa vipi. Kama ni la pili, mtumie mhadhiri ujumbe, kwa heshima, umuulize kistari chako kimekuwaje sufuri.