Choo kigumu: wacheni sabuni, wacheni na haraka

Mtoto wa miaka 2 akikaza miguu na kujificha nyuma ya mlango, si ujeuri, wapenzi. Jana choo kilimuuma, leo anakiogopa, na akikizuia kinazidi kukauka. Ndiyo maana mie sikubaliani na kumtia kipande cha sabuni, wala kumgombeza. Maziwa yasizidi vikombe 2 kwa siku, maana yanamshibisha akakataa chakula. Mpe papai, maharage, na maji kidogo kidogo kutwa. Baada ya chai ya asubuhi, tumbo linapoamka, mkalishe kwenye poti dakika 5, miguu ikanyage chini. Asipopata kitu, mwache akacheze. Akitoa damu, akitapika au tumbo likivimba, mpeleke hospitali.