Oveni kubwa italipa lini?

Mama anayeoka mikate nyumbani anataka oveni ya Sh2,400,000, lakini fedha iliyopo ni ada ya watoto ya mwakani. Anatarajia kuuza mikate 40 zaidi kwa siku. Ukitoa unga, hamira, mafuta na gesi, kila mkate unamwachia Sh400. Kwa siku 25 za mwezi ni Sh400,000. Akimlipa msaidizi Sh100,000, zinabaki Sh300,000. Oveni itarudisha fedha yake kwa miezi 8.

Ikiuzwa mikate 25 tu, zinabaki Sh150,000, na miezi inakuwa 16. Ada haisubiri.

Kabla ya kununua, aandike kwa wiki mbili mikate iliyoulizwa ikakosekana. Hiyo ndiyo mauzo ya ziada. Oveni haileti wateja.