Nimefika au mmefika?

Majuzi nilikuwa Muhuru, kule Nyatike katika kaunti ya Migori, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria ulio karibu na mpaka wa Tanzania. Nilimkuta mchuuzi mmoja wa samaki akizungumza kwa simu na mvuvi wa ng'ambo ya mpaka, aliyemtarajia na shehena ya mbuta. Upepo ulikuwa mkali. Mama akajibu, "Bado, tuko njiani," kisha akakata simu. Ikabainika baadaye kwamba mvuvi alikuwa amekwisha tia nanga upande wa pili wa ghuba. Yeye alisema kwamba amefika. Mama alisikia akiulizwa kama yeye na wenzake wamefika. Samaki wakakaa juani zaidi ya saa nzima.

Wako watakaosema kwamba mvuvi yule hajui kusema. Naomba kutofautiana nao. Kosa halikuwa la ulimi wake, na inafaa walimu waelewe lilikotoka.

Tulichukue neno lenyewe. Kamusi na sarufi zetu zinatupa "nimefika", lenye silabi nne, na mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani "fi". Silabi "ni" haina mkazo. Mtu akiongea kwa haraka, irabu yake huwa ya kwanza kudondoka, nayo "n" husimama peke yake kama silabi. Lakini sauti inayofuata ni "m", ambayo hutamkwa kwa kufunga midomo. Midomo hufungwa mapema, kabla ulimi haujaikamilisha "n", na "n" ile husilimishwa ikawa "m". Kinachotoka kinywani ni "mmefika".

Mwalimu asishangae, kwa maana kanuni hiyo anaifundisha kila muhula. Twasema nyumba "nzuri", lakini nyumba "mbaya". "N" imegeuka "m" kwa sababu ya "b" inayofuata. Tofauti ni kwamba usilimisho wa "mbaya" umekubaliwa katika maandishi, na ule wa mvuvi haujakubaliwa.

Na hiyo "mmefika" ya wengi, tunayoiandika bila haya, ilitoka wapi? Kiambishi chake kilikuwa "mu", na wako wasemao "mumefika" hadi leo. Irabu "u" ilidondoka vivyo hivyo, kama ilivyodondoka katika "mtu", ilhali jirani zetu Wakuria wameihifadhi irabu ya kiambishi chao katika "omonto". Maneno mawili yaliyokuwa mbalimbali yamepoteza irabu zao, moja zamani na jingine leo, yakakutana mahali pamoja.

Hata hivyo, usemaji wa haraka hauli kila kitu ovyo. "Nitafika" huwa "ntafika", wala halichanganyiki na "mtafika", kwa kuwa "t" hutamkwa kwa ncha ya ulimi na haina sababu ya kuigeuza "n". Vilevile, hakuna aombaye maji kwa kusema "mpe" akikusudia "nipe". Neno hilo lina silabi mbili tu, hivyo mkazo huangukia "ni" yenyewe, na irabu yenye mkazo haidondoki kwa urahisi. Utata huzuka hasa pale ambapo "ni" isiyo na mkazo inafuatwa na "m", kama katika "nimefika", "nimeuza" na "nimelipa". Bahati mbaya, hayo ndiyo maneno ya biashara.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unataka mwanafunzi afundishwe kusikiliza na kuzungumza. Lakini mara nyingi imla husomwa silabi kwa silabi, kwa mwendo ambao hakuna mtu autumiaye sokoni wala ufuoni. Mwanafunzi wa Muhuru aliyelelewa kwa Kijaluo amezoea "nd" ya "ndiko" iliyomo ndani ya silabi moja. "N" inayosimama peke yake katika "ntafika" humpita sikioni. Hapo huandika "tafika", nasi tunamkata alama.

Rai yangu ni kwamba imla isomwe mara mbili: kwanza kwa mwendo wa mazungumzo, kisha polepole, na mwanafunzi aandike umbo kamili mara zote mbili. Aelekezwe kuhesabu silabi na kusikiliza kiimbo, kwani swali hupanda mwishoni na taarifa hushuka. Katika insha aendelee kuandika "nimefika". Sitetei "mmefika" ya mvuvi katika maandishi. Lakini asifundishwe kwamba anayeitamka ni mvivu. Na pale upepo unapokizima kiimbo, ajue kuuliza: "Umefika wewe, au waniuliza mimi?" Swali hilo moja lingaliwaokoa mbuta wa yule mama.