Takwimu za Asili Zisomwe kwa Uangalifu

Mwezi Juni mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizibatilisha sheria zilizokuwa bado zikitumika katika majimbo 16, ambazo zilikataza ndoa baina ya Wazungu na watu wa rangi nyingine. Mwaka huo, katika kila maharusi 100 nchini humo, watatu tu ndio waliooa au kuolewa nje ya kundi lao. Kufikia mwaka 2015 walikuwa 17. Watoto wa ndoa hizo sasa ni watu wazima, nao wanajaza fomu za sensa. Je, wahesabiwe wapi?

Tuchukue mfano mdogo ambao mwalimu yeyote anaweza kuuandika ubaoni. Kundi moja lina vijana 100 wa kiume na 100 wa kike. Wote wanafunga ndoa, na kila ndoa inapata watoto wawili. Vijana 80 wa kila jinsia wanaoana wao kwa wao. 20 wa kila jinsia wanaoa au kuolewa nje. Tunapata ndoa 80 za ndani na ndoa 40 za mchanganyiko. Tazama basi: mtu mmoja tu katika watano ametoka nje ya kundi, lakini theluthi nzima ya watoto, yaani 80 katika 240, ni wa asili mbili. Idadi yao hukua haraka kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa kundi hilo lina watoto wangapi? Tukiwahesabu wa asili moja peke yao, ni 160, na mtu atapiga kelele kwamba kundi linatoweka. Tukimhesabu kila mtoto kwa baba yake, ni 200, na hapana kilichobadilika. Tukimhesabu kila mwenye mzazi mmoja wa kundi hilo, ni 240, na mwingine atalalamika kwamba kundi linawameza wenziwe. Hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa wala kufa katikati ya hesabu hizo tatu. Kilichobadilika ni kanuni ya karani.

Hayo ndiyo yaliyotokea Marekani. Mwaka 1930 makarani wa sensa waliagizwa kumwandika Mweusi kila mwenye damu ya Mzungu na ya Mweusi, hata kama damu ya Mweusi ilikuwa chembe tu. Katika sensa ya mwaka 2000, kwa mara ya kwanza, wananchi waliruhusiwa kuchagua asili zaidi ya moja. Waliofanya hivyo mwaka 2010 walikuwa milioni 9. Mwaka 2020 wakawa milioni 33.8.

Ongezeko hilo la karibu milioni 25 haliwezi kuwa limetokana na uzazi. Katika miaka hiyo 10 walizaliwa Marekani watoto takriban milioni 39. Ingebidi zaidi ya nusu yao wawe wa asili mbili, jambo lisilolingana kabisa na ndoa 17 katika 100. Idara ya Sensa yenyewe ilieleza kwamba sehemu kubwa ilitokana na fomu mpya na namna mpya ya kusoma majibu. Safari hii Wazungu na Weusi nao waliwekewa nafasi ya kuandika walikotoka wazazi wao. Mtu aliyetia alama penye Mzungu, kisha akaandika kwamba asili yake ni Meksiko, aliweza kuhesabiwa kuwa mwenye asili mbili.

Kutokana na hayo, waliohesabiwa Wazungu peke yao walipungua kutoka milioni 223.6 hadi milioni 204.3. Lakini ukiwajumlisha na waliotaja Uzungu pamoja na asili nyingine, Wazungu waliongezeka hadi milioni 235.4. Wanasiasa wanaoeneza hofu kwamba Wazungu wanafutika huishika takwimu ya kwanza na kuificha ya pili.

Wala si fomu peke yake. Mwaka 2010 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya na mama yake Mzungu, alijiandika Mweusi tu. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kujibu tofauti, na kila mmoja akawa amesema kweli.

Tanzania iliuliza kabila katika sensa ya mwaka 1967. Tangu sensa ya mwaka 1978 haikuuliza tena, na mtoto wa Mhaya na Mmakonde huhesabiwa mara moja, akiwa mtu mmoja. Hata hivyo takwimu za nje hutufikia kila siku. Mtumishi wa umma au mwalimu akiambiwa kwamba kundi fulani limeongezeka au limepungua, kabla ya kuuliza ni kwa kiasi gani, na aulize kwanza: swali lilikuwa lipi, na je, ndilo lililoulizwa katika sensa iliyotangulia?