Samli ya Minembwe



Maziwa ya milima ya Minembwe huchacha kabla ya kufika soko la Baraka, kwa kuwa njia ni ndefu na mbovu. Samli huvumilia safari hiyo, na haihitaji umeme wala mtaji mkubwa.

Maziwa huachwa yagande, kisha husukwa kwenye kibuyu mpaka siagi ijikusanye. Siagi huoshwa kwa maji safi hadi maji yatoke maangavu yasiyo na ukungu, kwani maziwa yanayobaki ndani yake ndiyo huleta uchachu. Baadaye huchemshwa kwa moto mdogo.

Hapa sikio hufanya kazi zaidi kuliko jicho: siagi inayotatarika bado ina maji. Sauti ikitulia na mashapo ya chini yakageuka kahawia hafifu, sufuria hutolewa mara moja. Ikicheleweshwa, samli hunuka kuungua. Huchujwa kwa kitambaa kikavu na kutiwa chombo kikavu.

Lita 25 za maziwa hutoa takriban kilo moja ya samli, kwa hiyo mwenye ng'ombe mmoja hukusanya siku kadhaa. Waliosalia na ng'ombe wachache baada ya uporaji wa mifugo wanaweza kusuka kwa zamu na majirani. Mtindi unaobaki ni chakula cha nyumbani.